TV ina sauti, taa inawaka, kioo cheusi tii: mafundi acheni kutuambia "kioo kimekufa"!

Ngoswe_wa_Tabata:

Wakuu, nina hasira mpaka chai imenishinda. TV yangu ya inchi 32, haijamaliza hata miaka miwili, juzi usiku tukiwa tunaangalia taarifa ya habari, kioo kikazima pwaa! Sauti inaendelea kama kawaida, mtangazaji anasoma habari zake. Taa ndogo ya chini inawaka. Rimoti inafanya kazi, nikibadilisha chaneli nasikia zinabadilika. Picha ndiyo hakuna.

Nikaibeba hadi dukani nilikonunua. Kijana wa kaunta hakuiwasha hata! Kasikia tu "kioo cheusi", akanionyesha karatasi ya dhamana: kioo hakihusiki. Nikaenda kwa fundi wa mtaani, naye kaigongagonga mgongoni kwa kidole, kaitazama kama mganga, akatoa hukumu: "Kioo kimekufa bosi. Laki mbili na nusu, au uniuzie kwa elfu thelathini nitolee spea."

Laki mbili na nusu! Si bora ninunue nyingine? Na kama kimekufa kweli, mbona yeye anakitaka? Naomba mtu anieleze, hivi kioo kinakufaje chenyewe bila kupigwa wala kumwagiwa maji? Tumekuwa shamba la bibi kwa hawa watu.

Shangazi Mapochopocho:

Pole sana mdogo wangu. Yangu nayo ina shida hiyo hiyo, ila yangu picha ipo, sauti ndiyo haitoki. Nifanyeje?

Ngoswe_wa_Tabata:

Shangazi, hiyo siyo hiyo hiyo, hiyo ni kinyume chake 😂

Koleo la Kariakoo:

Mtoa mada, usiiuze kwanza. Fanya hivi leo usiku. Washa TV, zima taa za sebuleni, chukua tochi ya simu uibandike karibu kabisa na kioo, uielekeze kwa mshazari, siyo moja kwa moja. Halafu bonyeza menyu kwenye rimoti. Angalia pale mwanga unapogonga. Ukiona maandishi ya menyu kwa mbali, kama kivuli, basi kioo chako ni kizima na picha inatengenezwa. Kilichokufa ni taa za nyuma yake.

Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake. Nyuma yake kuna stripu zenye vitaa vya LED, ndivyo vinavyomulika. Vikizima, picha ipo ila iko gizani. Na sauti haipiti huko kabisa, ndiyo maana mtangazaji wako anaendelea na habari.

Kitu kingine: ukiiwasha, kioo kinamweka kidogo, sekunde moja hivi, kisha kinazima? Au kinabaki cheusi tangu mwanzo?

Baharia Mstaafu:

Kabla ya tochi, mwambie abonyeze kitufe chochote cha rimoti, tofauti na vya sauti. Kuna TV zina `Picture Off` au `Screen Off` kwenye menyu ya kuokoa umeme. Mjukuu wangu aliibonyeza, nyumba nzima tukasikiliza TV kama redio hadi baba yake alipogundua.

Ngoswe_wa_Tabata:

Mzee, vitufe vyote nimebonyeza, hiyo siyo.

Koleo, nimefanya ya tochi sasa hivi. Wallahi menyu ipo! Hafifu sana, lakini nasoma hadi neno la lugha. Mtoto naye kaona. Na ndiyo, nikiiwasha inamweka mara moja halafu giza. Kwa hiyo yule jamaa alitaka kuchukua kioo kizima kwa elfu thelathini?!

Umeme_Ndogo:

Hapo sababu ni umeme kuyumba, nunua kilinda umeme. Na usinunue stripu, ni kupoteza hela. Tafuta kitaa kilichoungua, utakiona kina doti nyeusi katikati, kiunganishe juu kwa kipande cha waya ili umeme uruke. TV inawaka. Nimefanya kwangu, mpaka leo inadunda.

Koleo la Kariakoo:

Umeme_Ndogo, nusu nakubali, nusu nakataa. Itawaka, kweli, kwa sababu vitaa vimepangwa mfululizo, kimoja kikikatika vyote vinazima, ukikiruka njia inarudi. Lakini utabaki na kivuli pale kilipokuwa, na wenzake wana umri ule ule na wamepikwa kwa joto lile lile. Mteja anarudi kulalamika. Ukiruka vingi, bodi nayo inashtuka na kujizima.

Kuhusu umeme kuyumba, mara nyingi unaua pawa saplai, na hapo husikii sauti wala huoni taa. Vitaa hivi huuawa na joto. TV nyingi zinatoka kiwandani mwanga wa nyuma umewekwa juu kabisa ili zing'ae dukani, mnunuzi anapeleka nyumbani hivyo hivyo, inawaka kutwa nzima.

Ngoswe, huko kumweka kisha giza ni bodi inajilinda. Niliwahi kufungua ya inchi 32 yenye stripu mbili, kila moja vitaa 6 vya volti 6, vyote mfululizo. Piga hesabu, 12 mara 6 ni 72. Nikaweka mita kwenye soketi ya taa, nikawasha: ikaruka hadi 90 na kitu, ikaporomoka. Maana yake bodi inasukuma umeme, upande wa pili haupokei, ikakata. Kama volti zisingepanda kabisa, ningeanza kushuku bodi yenyewe. Nilibadilisha stripu zote mbili, nikashusha `Backlight` hadi 60, nikamwambia mwenyewe asiiguse.

Ngoswe_wa_Tabata:

Sasa nifungue mwenyewe? Bisibisi ninayo.

Koleo la Kariakoo:

Usithubutu. Kwanza, kapasita kubwa ya pawa saplai inabaki na volti zaidi ya 300 hata ukichomoa waya ukutani, inahitaji muda au kupunguzwa na anayejua. Pili, ili kufikia stripu lazima unyanyue kioo chenyewe, na ni chembamba kama kioo cha picha ya ukutani, pembeni kina riboni laini. Riboni ikichanika unapata mistari, na hapo ndipo kioo kinakufa kweli. Tafuta fundi mwenye meza pana na msaidizi wa kunyanyua, akubali kupima mbele yako. Stripu anunue kwa namba iliyoandikwa juu ya zile za zamani, siyo kwa inchi tu.

Shangazi Mapochopocho:

Jamani ya kwangu vipi? Na ya dada yangu kioo chote ni kijivu, kinang'aa lakini hakuna picha, nayo ni hizo taa?

Koleo la Kariakoo:

Ya dada yako taa ziko salama, Shangazi, ndiyo maana kinang'aa. Aanzie kwenye bodi ya T-con, ile inayokipelekea kioo picha, na riboni zake. Ya kwako fungua uzi mwingine.

Umeme_Ndogo:

Mimi bado nasema waya. Stripu za bei poa za siku hizi nazo zinakufa haraka tu.

Koleo la Kariakoo:

Hilo la stripu za bei poa sikubishii.

Ngoswe_wa_Tabata:

Kesho narudi dukani na tochi yangu. Karatasi imeandika kioo, haijaandika taa. Wakikataa tena, nitawaomba waniandikie hivyo na mhuri juu.