Tupeane uzoefu: mabango ya watalii na majina ya mahali yanayotafsiriwa

Mtembeza Wageni: Wakuu, habari za leo. Kuna bango la ramani mjini Dar es Salaam ambapo Mnazi Mmoja pameandikwa kwa Kiingereza, kwa maana ya mti mmoja wa mnazi. Mgeni wangu alimtajia bodaboda jina hilo, wakabaki wanatazamana. Mnaotafsiri mabango, mnafanyaje?

Mjukuu wa Ilala: Rahisi. Neno lenye herufi kubwa usiliguse.

Fundi Bango: Mjukuu, nusu yake ni kweli. Ukishika hiyo, "Kisiwa cha Mbudya" kitabaki hivyo hivyo, na mgeni hatajua kama ni kisiwa au mtaa. Mimi nachora jedwali la safu tatu kabla ya kutafsiri: jina, aina, maelezo. Mbudya inakaa kwenye jina na haiguswi. Kisiwa ni aina, kinatafsiriwa. Magofu ya Kunduchi na Mto Msimbazi vilevile. Ila Mnazi Mmoja yote ni jina, mnazi hapo si aina ya kitu. Kwamba ni viwanja vya wazi karibu na Kariakoo, hilo linaenda kwenye maelezo.

Kipimo changu ni konda wa daladala. Neno ambalo ukiliondoa bado anajua pa kukushusha, hilo ni aina. Ukiondoa "mnazi" ikabaki "mmoja", umemtupa abiria.

Ufunguo wa ramani ndio mahali pa kutafsiri bila hofu, maana una aina tupu: msikiti, kanisa, kivuko, hospitali. Ukiona jina la mtaa limeingia kwenye ufunguo, mchoraji amechanganya.

Mama Duka Sinza: Na mimi duka langu kwenye ramani ya simu limewekwa mtaa wa pili, wateja wanapotea. Nani ananirekebishia?

Mchoraji wa Usiku: Mama, hilo ni la alama kuwekwa pasipo pake, nitakuelekeza pembeni. Fundi, kwenye OpenStreetMap, ile ramani huria ya mtandaoni, mambo ni hayo hayo. Jina linalotumika mtaani linakaa kwenye sehemu ya `name`. `name:en` ijazwe tu kama wanaoongea Kiingereza wanapaita hivyo kweli, siyo tafsiri uliyotunga. Maelezo yaende `description:en`.

Mzee wa Upanga: Wanangu, ile sanamu ya mwaka 1927 pale Samora je? Sisi tunasema Sanamu ya Askari, vitabu vya wageni Askari Monument. Na Oyster Bay ilikuja na Kiingereza chake. La asili ni lipi?

Fundi Bango: Shikamoo mzee. Oyster Bay naiacha ilivyo, konda anaijua. Sanamu naandika yote mawili, la Kiswahili juu.

Mzee wa Upanga: Marahaba. Lakini hapo umetafsiri jina, mwanangu.

Fundi Bango: Mimi naihesabu sanamu kuwa aina, mzee. Wenzangu kazini wanasema yote ni jina, na hatujakubaliana.

Mtembeza Wageni: Na bango likiwa dogo, majina mawili hayaenei? Mnaacha lipi?