Mjadala: Kiarabu cha kipeperushi na Kiarabu cha sauti, tuagize kipi?

Muulizaji: Tunaandaa maelezo ya kuchanganya ORS kwa watoto wanaoharisha: kipeperushi kimoja na sauti ya dakika mbili. Walengwa ni akina mama kutoka Syria na Sudan, baadhi yao hawakusoma sana. Fomu ya wakala wa tafsiri ina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "Kiarabu". Tujaze nini?

Mfasiri wa nyaraka: Msijaze kisanduku hicho peke yake. Ambatanisheni karatasi inayosema mnataka kazi tatu: kipeperushi kwa fus-ha, yaani Kiarabu sanifu, sauti kwa lahaja ya Syria, na sauti nyingine kwa lahaja ya Sudan.

Hakuna anayelelewa nyumbani kwa fus-ha. Mtoto huikuta shuleni, na aliyeacha shule mapema huendelea kuisikia kwenye taarifa ya habari na mahubiri, akiokota neno hapa na pale. Kwa hiyo sauti ya fus-ha humwendea vizuri yule ambaye tayari angeweza kusoma kipeperushi, na humkosa yule ambaye sauti ilitengenezwa kwa ajili yake. Kwenye karatasi mambo hugeuka. Lahaja haina tahajia rasmi, na aliyefundishwa kusoma kwa fus-ha hukwama akikuta matamshi ya nyumbani yameandikwa, kila mwandishi kwa namna yake.

Tofauti yenyewe si ya lafudhi tu. "Sasa" kwa fus-ha ni *al-aan*. Msyria husema *halla*, Msudani *hassa*. "Nini" ni *maadha*, lakini Syria ni *shu* na Sudan *shinu*. Maneno haya ndiyo yanayoshikilia sentensi. Mama atatambua "sukari" na "lita" bila shida, kisha asijue aliambiwa aongeze au asiongeze.

Mtazamaji wa tamthilia: Mnajitwisha gharama bure. Filamu za Misri zimeingia kila nyumba ya Waarabu kwa miongo mingi. Rekodini sauti moja kwa Kimisri, wote wataelewa.

Mkalimani wa hospitali: Nusu ya hoja yako ni kweli, ndugu yangu. Kimisri kinaeleweka mbali kuliko lahaja nyingine yoyote, na Msudani yuko karibu nacho sana. Lakini kufuata tamthilia si sawa na kufuata vipimo. Kwenye tamthilia unasaidiwa na nyuso, na ukikosa sentensi tatu hadithi haipotei. Kwenye ORS, ukikosa neno moja tu ukachanganya pakiti ya lita moja katika glasi moja, mtoto anapewa chumvi iliyozidi mno.

Tena uelewano huu huenda upande mmoja. Mmoroko anamwelewa Mmisri kwa sababu amemsikiliza tangu utotoni. Mmisri hajamsikiliza Mmoroko hivyo, na mara nyingi hamwelewi. Ndiyo maana mtu akiniambia "nipe mkalimani wa Kiarabu" humuuliza kwanza mgonjwa ametoka wapi.

Mwanafunzi: Kwa hiyo mimi ninayetaka kujifunza nianze na lahaja?

Mkalimani wa hospitali: Hilo ni swali jingine, mwanangu, na jibu lake linategemea unataka kusoma vitabu au kuongea na watu. Hapa tunazungumzia msikilizaji ambaye hatachagua.

Msimamizi wa studio: Niongeze palipo na makosa mengi. Watu humpa msomaji matini ya fus-ha na kumwambia "isome kwa lahaja". Kinachotoka ni sarufi ya fus-ha kwa lafudhi ya mtaani, na kila msikilizaji anaona kuna kitu hakiko sawa. Matini ya sauti iandikwe upya kwa lahaja kabla ya kuingia studio, na iandikwe na mzungumzaji wa lahaja hiyo. Hapo tahajia isiyo rasmi haina madhara, maana anayeisoma ni mtu mmoja tu.

Amueni pia mnamwambia nani. Kitenzi cha kuamrisha hubadilika: "yeyusha" ni *dawwib* kwa mwanamume, *dawwibi* kwa mwanamke. Usiposema, mfasiri atatumia cha kiume, na mama atasikia kana kwamba anaambiwa mtu mwingine aliyemo chumbani.

Mfasiri wa nyaraka: Na kwenye kipeperushi, kateni kauli ya kutendwa. Maandishi ya kawaida ya Kiarabu hayaonyeshi irabu fupi, hivyo *yushrab*, yaani "hunywewa", na *yashrab*, "anakunywa", zote huandikwa يشرب. Msomaji mzoefu huamua kwa muktadha. Asiye mzoefu hubaki akijiuliza ni nani anayekunywa, na lahaja haimsaidii, kwa kuwa kutendwa kwa kubadili irabu namna hiyo karibu kumetoweka katika mazungumzo. Ombeni fus-ha ya sentensi fupi zinazomwamuru msomaji moja kwa moja, na alama za irabu ziwekwe pale tu neno linapoweza kusomwa kwa njia mbili. Zikiwekwa kila mahali, ukurasa unajaa na macho yanachoka.

Mtaalamu wa programu: Kama fomu iko mtandaoni, jihadharini na misimbo ya lugha. `ar-SY` na `ar-SD` haziombi lahaja. Zinataja nchi tu, na kwa kawaida utaletewa fus-ha yenye mpangilio wa tarehe wa nchi hiyo. Kwa lahaja, andikeni `apc` kwa Syria na `apd` kwa Sudan. Fus-ha ni `arb`. Kisha andikeni kwa maneno pia, kwa sababu si kila wakala anasoma misimbo hiyo.

Hata fus-ha ina mipaka. Agosti huko Syria ni *Aab*, Sudan ni *Aghustus*. Mkitaja mwezi, wekeni majina yote mawili kwa mkwaju kati yake: آب/أغسطس.

Mwalimu wa Kiarabu: Nawasikia, lakini sikubali yote. Mnasema lahaja ya Syria, ipi? Ya Damasko na ya Deir ez-Zor huko mashariki si moja. Ile ya mashariki iko karibu na ya Iraki. Mkichagua ya mji mkuu, wa mashariki atasikia kuwa hakufikiriwa. Fus-ha nyepesi haimpendelei mtu. Ipo pia lugha ya kati wanayoitumia Waarabu wa nchi mbalimbali wakikutana, wengine huiita lahaja nyeupe. Kwa nini msirekodi kwa hiyo?

Mkalimani wa hospitali: Mwalimu, lahaja nyeupe ni ustadi wa watu waliosoma au waliosafiri. Mama asiyesoma ataielewa kuliko fus-ha kamili, hapo nakubali, ila sitaitegemea kwa vipimo. Kuhusu Deir ez-Zor una haki. Dawa yake ni kupima kabla ya kusambaza: msikilizeshe mama sauti mara moja, mpe pakiti na chupa ya lita, mwambie akuonyeshe. Usimuulize "umeelewa?", atasema ndiyo kwa adabu. Akirudia maneno ya sauti neno kwa neno huku mikono imesimama, matini haijamfikia.

Muulizaji: Ahsanteni. Tutaagiza kazi tatu, na kipimo kifanyike kwa akina mama wa mashariki ya Syria pia. Swali linabaki kwa Sudan: baadhi yao wametoka Darfur.

Mwalimu wa Kiarabu: Basi waulizeni kwanza nyumbani wanaongea nini. Wengine lugha yao ya kwanza ni Kifur au Kimasalit, na hao hata sauti ya lahaja ya Khartoum ni lugha ya pili kwao.

Msimamizi wa studio: Na hapo kazi tatu zinakuwa nne au tano. Bajeti yenu inafika?