Ujumbe wa kuchelewa zamu kwa supavaiza wa vyumba: tulinganishe hii mitatu

MwanaMahonda

Assalam aleikum jamani. Mimi ni mhudumu wa vyumba katika hoteli moja Nungwi, naishi Mahonda, kila siku napanda gari ya 116. Zamu inaanza saa 2 asubuhi. Jumamosi gari ilipata pancha Kinyasini mnamo saa 1:20, na tairi la akiba nalo lilikuwa halina upepo. Nilipopiga hesabu nikaona sifiki kabla ya saa 2:40.

Tulikuwa wawili kutoka hoteli ile ile na kila mmoja alimwandikia supavaiza kivyake. Majibu tuliyopata yalikuwa mbalimbali kabisa, ndiyo maana nimeleta huku. Hizi hapa aina tatu, mbili ni zilizotumwa siku ile na moja ni ya mwenzetu mwingine wa siku za nyuma.

Ya kwanza: "Samahani dada, leo nachelewa kidogo, gari mbovu. Nipo njiani."

Ya pili: "Dada yangu shikamoo. Kwa kweli leo nimeamka mapema sana saa 10 na nusu, nikatoka nyumbani saa 12, gari ikaja imejaa, ya pili ndiyo nikapata, tukafika Kinyasini tairi likapasuka, konda akatafuta fundi, fundi hayupo, na simu yangu chaji inakaribia kwisha, naomba unielewe dada yangu si kawaida yangu unanijua…" (inaendelea, nimekata)

Ya tatu, niliyotuma mimi: "Assalam aleikum dada. Gari imepata pancha Kinyasini, nafika saa 2:40. Leo nina vyumba 11, vinne vinatoka. Nianze na vipi?"

Ya tatu ilijibiwa, lakini kwa neno moja tu: "Njoo." Nataka kujua ilipungukiwa nini.

KijanaWaLobi

Hakuna cha kuandika hapo, piga simu. Supavaiza saa 1:50 anagawa orodha, simu iko mfukoni, ujumbe atausoma saa 4. Halafu hilo swali la kuanza na vipi wala halihitajiki. Vyumba vinavyotoka wageni wanaondoka saa 4, kwa hiyo saa 2:40 unaanza na wanaobaki, ukimaliza vichache saa 4 imefika unahamia vinavyotoka. Kila siku ndivyo ilivyo.

BiZamu

Kaka Lobi, la simu nakuunga mkono nusu, la mpangilio sikuungi.

Nimesimamia vyumba miaka mingi, hoteli za ufukweni. Saa 1:50 kweli supavaiza ana kelele: mapokezi wamempa karatasi ya wanaoondoka na wanaoingia, dobi anasema shuka za jana hazijakauka, wahudumu wamesimama mbele yake wanasubiri. Simu ikilia wakati huo anapokea, anasema "haya haya", na dakika 5 baadaye hakumbuki kama ulisema 2:40 au 3:40. Ujumbe unabaki pale anausoma tena. Kwa hiyo andika kwanza, na kama hujajibiwa mpaka saa 2 kasorobo, ndipo upige.

Sasa la mpangilio. Si kila anayetoka anasubiri saa 4. Wapo wanaoondoka alfajiri kuwahi ndege, na chumba chao saa 2 kiko wazi kabisa, kitanda kimevurugwa, taulo sakafuni. Na mara nyingi ni chumba hichohicho mapokezi wamekwisha kumwahidi mgeni anayetua asubuhi, japo kuingia rasmi ni saa 8 mchana. Karatasi hiyo anayo supavaiza, wewe uliye Kinyasini huna. Kwa hiyo mwanangu Mahonda, swali lako lilikuwa la haki, ila uliliuliza kwa upana hata likamtaka akae apange siku yako yote. Hana nafasi hiyo, akakwambia njoo.

Kinachomhusu si vyumba vinne vinavyotoka. Kinachomhusu ni vingapi kati ya hivyo vina mtu wa kuingia mapema.

MwanaMahonda

Hapo nimepata mwanga. Siku ile vilikuwa viwili, vilikuwa wazi tangu alfajiri, na wageni wao walikuwa wafike saa 5. Mimi nilijua nilipofika tu.

BiZamu

Basi tuchukue siku yako hiyo hiyo tuipigie hesabu.

Kwa Nungwi, chumba kinachotoka mimi hukipa dakika 45. Mchanga peke yake unakula muda, chini ya kitanda, kwenye reli ya mlango wa kibarazani, kwenye bomba la kuogea ambako ukimwaga maji yanasimama. Bado hujavua chandarua kutazama kama kina tundu. Chumba cha anayebaki dakika 25. Vinne mara 45 ni dakika 180, saba mara 25 ni dakika 175, jumla 355. Zamu ya saa 2 hadi saa 10, toa saa moja ya chakula, unabaki na dakika 420. Umepoteza 40, umebaki na 380. Toroli lako halijapangwa, dakika 15 nyingine. Una dakika 10 za akiba siku nzima.

Kazi yote inaingia, lakini haina nafasi ya kukosea mpangilio. Unaanza saa 2:55. Ukianza na vile viwili vya wazi, cha kwanza kinaisha 3:40, cha pili 4:25. Supavaiza anakagua, mapokezi wanabadilisha hali ya chumba, saa 5 mgeni anapewa ufunguo. Ukifuata njia ya kaka Lobi, unafanya vitatu vya wanaobaki mpaka 4:10, kisha cha kwanza kinaisha 4:55, cha pili 5:40. Mgeni mmoja anakaa na mabegi yake mapokezi akisubiri, na aliyesimama mbele yake ni kijana wa mapokezi ambaye hakuchelewa popote.

KijanaWaLobi

Nakubali hapo, kwetu ni bweni la mjini, hatuna ndege za alfajiri wala wa kuingia mapema. Lakini kama viwili vya wazi havipo, wanaobaki kwanza, sivyo?

BiZamu

Ndivyo, na hapo uko sawa, ila saa 2:55 wengi wamelala au wako kwenye kifungua kinywa. Unawatafuta walio kwenye kifungua kinywa. Mwenye kibao cha "usisumbue" unamruka, unaandika saa uliyopita, unarudi mchana.

NesiTanga

Mimi ni nesi, huku wodini jambo ni zito zaidi. Ukichelewa kuna mwenzako wa zamu ya usiku hawezi kuondoka mpaka akukabidhi wagonjwa. Kwa hiyo dada, mwandikie kwanza huyo anayekusubiri, ndipo umwandikie inchaji. Na usiandike jina la mgonjwa kwenye wasapu, andika namba ya kitanda. Mwambie inchaji dawa zipi ni za saa 2 na nani azitoe kabla hujafika.

MwanaMahonda

Ahsante dada nesi, ila kwetu asubuhi hakuna anayenikabidhi, usiku vyumba havina mhudumu, tuna mtu mmoja tu wa dharura.

BiZamu

Hata hivyo dada nesi ameleta jambo zuri. Asubuhi hakuna wa kukukabidhi, lakini yupo wa toroli la pili. Zile dakika 15 za kupanga toroli unaweza kuziokoa ukimwomba jirani yako wa korido, kabla hajaondoka stoo, akutolee shuka na foronya za vitanda vinne na taulo za kutosha. Ukichelewa stoo unakuta zilizobaki ni zenye madoa, unarudi dobi, dakika 10 zako za akiba zimekwenda. Huyo unamwandikia peke yake. Si kazi ya supavaiza.

Na namba za vyumba ziandikwe, majina ya wageni yasiandikwe. Hilo ni kama wodini.

PajeMpaka8

Mimi nauliza kuhusu sababu. Kule nilikofanya kazi zamani, nilikuwa nikitaja gari naambiwa "kila siku gari". Nikatumiwa ujumbe kwenye kundi, watu wote wanasoma. Tangu hapo nilikuwa napiga picha tairi, natuma. Je, picha isiwekwe kwenye ujumbe wa aina ya tatu?

KijanaWaLobi

Picha ni ushahidi, tuma. Isiyo na picha inaonekana ni hadithi.

BiZamu

Hapa mimi na nyinyi tutatofautiana. Picha ukiituma bila kuombwa, unafungua kesi ambayo hakuna aliyeishitaki, na inapakia polepole kwenye mtandao wa Kinyasini wakati maneno yangefika. Sababu maneno matatu yanatosha: "gari pancha Kinyasini." Mahali ni muhimu kuliko picha, maana supavaiza anajua Kinyasini mpaka Nungwi ni umbali gani na atapima mwenyewe kama saa 2:40 inawezekana. Kama kuna supavaiza ambaye hakuamini, kaa nayo simuni, atakapouliza mwonyeshe.

Na kundi hapana. Mwandikie yeye. Kundini wenzako wataanza kujibu "pole" na ujumbe wako utapanda juu kabla hajauona.

PajeMpaka8

Bi Zamu, kwa supavaiza wako sawa. Kwa wangu wa zamani, usipotuma picha saa ile ile unakatwa. Sioni kama kuna jibu moja hapo.

BiZamu

Kwa huyo, tuma. Siwezi kukubishia juu ya mtu uliyefanya naye kazi.

MwanaMahonda

Nimeandika upya kwa siku ile ile, naomba mnikosoe:

"Assalam aleikum dada. Gari pancha Kinyasini, nafika saa 2:40, ikibadilika nitakujulisha saa 2:15. Nina 11, vinne vinatoka. Je, kuna vilivyokwisha kuwa wazi vyenye wa kuingia mapema? Nikipata namba nitaanza navyo, la sivyo naanza na waliopo kifungua kinywa. Ukiona ni bora kimoja umpe mwenzangu, nami nitamchukulia chake mchana."

BiZamu

Huo ndio. Anaweza kujibu kwa namba mbili tu, "204 na 209", akiwa amesimama. Na hata asipojibu, una pa kuanzia. Sentensi ya mwisho ndiyo itakayomsaidia zaidi: umempa ruhusa ya kukipeleka chumba kimoja kwa mwingine bila kuogopa kwamba utanung'unika.

Kipande kimoja ningepunguza, "vinne vinatoka". Anacho kwenye karatasi.

KijanaWaLobi

Mimi ningekiacha. Orodha ya usiku na ya asubuhi hutofautiana, akiona umesema vinne wakati yeye ana vitano, anajua unatumia ya jana na atakurekebisha kabla hujafika.

BiZamu

Hilo sikulifikiria. Kiache.

MwanaMahonda

Nakiacha. Na ya jirani wa toroli nimeiandika pembeni: "Shoga, nitolee shuka na foronya za vitanda vinne na taulo za viwili vya kwanza, weka kwenye toroli langu, nafika 2:40." Kesho nampa supavaiza zote mbili azione, nimuulize kama anataka wasaa wa kujulishwa uwe saa 1 na nusu au hata kabla.