Eti bando langu "halina kikomo", chenye kikomo ni spidi. Hivi hawa jamaa wananionaje?

Mpangaji_Tabata

Wakuu naandika huku mikono inatetemeka, nikiruka herufi mnisamehe. Mnawajua hao jamaa, sina haja ya kuwataja, wale wa tangazo la familia imejazana kwenye sofa inacheka, tivii kubwa kuliko mlango wa chumba changu. Nimewalipa elfu sabini, bando la anlimitedi la ruta, siku 30. Siku ya tisa usiku, mechi dakika ya 70, picha inaganda, kiduara kinazunguka, kipa yuko hewani kama kafungwa kamba. Mpaka anatua chini majirani walishashangilia goli na kwenda kulala.

Napiga huduma kwa wateja, nasikilizishwa muziki dakika kumi na nane, anapokea dada ana sauti ya asali. Namwambia intaneti yenu imekufa. Ananijibu, nanukuu, "Kaka yangu, bando lako bado halina kikomo, chenye kikomo ni spidi." CHENYE KIKOMO NI SPIDI! Ni sawa na kuuziwa maji ya bomba bila kikomo halafu bomba linatoa tone moja kila swala. Nikamuuliza dada, tivii yangu inakula nini, inakula neno "bila kikomo"? Akasema "je, kuna jambo lingine naweza kukusaidia?" Sijalala mimi. Chenye kikomo ni spidi, aisee.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa

Pole. Ila "tone moja kila swala" nimecheka mpaka nimemwaga chai 😂

Kijana wa Chuga

Mkuu hiyo mnara umejaa tu, watu wote wanaangalia mpira. Zima ruta uwashe.

Mpangaji_Tabata

Nimeizima na kuiwasha mpaka swichi imelegea. Saa tisa usiku nimepima, 0.49. Asubuhi 0.49. Saizi hivi 0.49. Na dada kasema chenye kikomo ni spidi!

FundiMinara

Hapo umeshajijibu mwenyewe. Mnara ukijaa spidi inapanda na kushuka, jioni mbovu, alfajiri inafufuka. Ikiganda namba ileile saa tisa usiku wakati mtaa mzima umelala, hiyo ni laini yako wewe imekabwa. Chukua laini nyingine ya mtandao huohuo, ichomeke palepale kama ruta inaikubali, ikikimbia basi mnara hauna kosa.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa hilo bando, shuka mpaka chini kabisa, tafuta herufi FUP, au maneno "matumizi ya haki". Tubandikie hapa yalivyoandikwa, usitusimulie.

Mpangaji_Tabata

Nimekuta, maandishi ya saizi ya sisimizi. "Kasi hadi 20 Mbps. Baada ya matumizi ya 100 GB kasi itakuwa hadi 512 Kbps hadi mwisho wa kifurushi. Vigezo na masharti kuzingatiwa."

Nikiri kitu, msinicheke. Siku nanunua hii sentensi niliiona. Nikajua 512 ni kubwa kuliko 20, nikasema hawa jamaa waungwana, ukitumia sana wanakuongezea.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa

😂😂😂 WANAKUONGEZEA

Mzee wa Ruta

Ufungwe uzi huu. Elfu sabini hizo ni ada ya shule, umesomeshwa.

FundiMinara

Usione aibu, wameiandika hivyo ili uione hivyo. Hiyo 20 ni ya mega, 512 ni ya kilo, na mega moja ni kilo elfu moja. Kwa hiyo umetolewa 20,000 ukapewa 512, karibu sehemu moja ya arobaini. Ukidanlodi utaona kama kilobaiti 64 kwa sekunde, maana hizo wanazotangaza ni biti, unagawa kwa nane. Faili la GB 1 litakuchukua saa nne na dakika ishirini. Meseji za WhatsApp zitapita, noti ya sauti itapita kwa kujivuta, video sahau.

Tivii kwa picha ya 1080p inavuta kama Mbps 5, maana yake zaidi ya GB 2 kwa saa. Mnaangalia saa ngapi kwa siku?

Mpangaji_Tabata

Saa nne hivi, wadogo zangu na katuni, mimi na mpira. Na simu tatu.

FundiMinara

Basi tivii peke yake GB 9, simu weka 2, ni 11 kwa siku. Siku ya tisa umegonga 99. Dada wa simu hakukuibia, aliyeandika tangazo ndiye mwenye kesi. Na hiyo "bila kikomo" ina kikomo hata kwa hesabu: ukiacha 512 inatiririka usiku na mchana bila kupumua unapata GB 5 na nusu kwa siku, siku 21 zilizobaki ni kama 116. Yaani hata ukeshe unadanlodi hutavuka GB 216 kwa mwezi. Ndiyo anlimitedi yako hiyo.

Kijana wa Chuga

Weka VPN mkuu, hawakuoni. Mimi natumia na yutubu inapaa.

FundiMinara

Nusu ya hilo ni kweli. Kuna mabando yanakaba video tu, hapo VPN inaficha kuwa ni video na inapita. Yake imekabwa laini nzima, VPN itapita kwenye bomba lilelile la 512 na itaongeza uzito. Pima kwa fast.com halafu kwa tovuti nyingine ya kupima, moja ikikimbia na nyingine ikijivuta ndipo VPN ina maana.

Mama Wawili MSA

Hata huku Mombasa nimeona fiber iko na FUP, lakini yangu inahesabu kwa siku, saa sita usiku inarudi sawa. Kwani hiyo yako hairudi?

Mpangaji_Tabata

"Hadi mwisho wa kifurushi" mama. Nasubiri siku 21 kama mfungwa. Na nikinunua upya leo je?

Mzee wa Ruta

Inaanza upya, mimi nilifanya.

Kijana wa Chuga

Muongo. Langu lilipanga foleni nyuma ya la kwanza, nikalipa mara mbili na bado nikatambaa.

FundiMinara

Inategemea bando. Waulize kabla hujalipa, na jibu likuje kwa maandishi, siyo la sauti ya asali. Ukitaka kulalamika anza kwao upewe namba ya lalamiko, wakikukalia kimya ndipo uende TCRA. Ila usiandike "intaneti imekufa", andika kwamba 512 ilifichwa chini na "bila kikomo" ikawekwa juu. Kwa sasa shusha tivii iwe 480p, mwezi ujao hizo GB 100 zitafika mbali.

Mpangaji_Tabata

480p kwenye inchi 55? Mpira utaonekana kama limao. CHENYE KIKOMO NI SPIDI jamani.

Shemeji_Mkorofi

Wewe una afadhali. Mimi nimenunua dakika 300, zimeisha muda saa sita kasoro moja nikiwa katikati ya kumwomba mtu msamaha.

Bibi_Harusi_Mtarajiwa

Ikawaje??

Shemeji_Mkorofi

Anajua nimemkatia simu. Anaishi kwa mama yake hadi leo.

Mzee wa Ruta

Hiyo fungulia uzi wake, tunakuja wote.