Ushauri wa haraka: mfalme wangu wa hnefatafl akimbilie kona, au nisubiri?

Mkwe_wa_Uppsala:
Habari zenu wakuu. Naishi Uswidi, na baba mkwe wangu amenifundisha ule mchezo wa kale wa Waviking, hnefatafl. Ubao wetu ni wa 11 kwa 11. Mimi nina walinzi weupe na mfalme, yeye ana weusi. Kete zote huenda mstari mnyoofu umbali wowote, na mfalme akifika kona nimeshinda. Ubao umekaa mezani jikoni tangu jana, zamu ni yangu, na chakula cha jioni ni saa 12.

Kona za kulia zote mbili ameshazifunga. Kona ya chini kushoto, a1, ameweka a3 na b2, lakini c1 iko wazi! Mfalme wangu yuko d4 na njia ya kushuka mpaka d1 ni nyeupe. Nishuke?

Mzee wa Kete:
Kijana, sisi Makunduchi tunacheza bao, na kwenye bao anayekimbilia kula ndiye anayeachwa na mashimo matupu. Marehemu babu yangu alikuwa akikaa na kete mkononi mpaka mpinzani anaomba maji. Usikimbie.

FundiDama:
Usishuke. Mfalme akibanwa na kete mbili, huku na huku, kaliwa. Pembeni ndiyo rahisi zaidi.

Bi Shangwe:
Hapana FundiDama, hiyo ni sheria ya ubao mdogo wa 7 kwa 7, brandubh ya Ireland, na hata huko ni mfalme aliyetoka kitini. Kwenye 11 kwa 11 kwa sheria za Kopenhageni mfalme huzungukwa pande zote nne, kwa hiyo ukingoni kumbana peke yake haiwezekani. Hatari yake ni kukwama huko huku weusi wakiwazungushia ukuta nyinyi nyote.

Mkwe, kabla sijasema lolote: nani yuko mstari wa b, juu ya b2?

Mkwe_wa_Uppsala:
Nadhani hilo si tatizo. Muhimu ni c1 iko wazi na mlinzi wangu wa c3 anazuia mstari wa c, hawezi kuijaza kutoka juu. Na mfalme akiwa d1 anazuia wa kutoka kulia. Nimeshamwambia mke wangu leo namaliza.

Bi Shangwe:
Mstari wa b, ndugu yangu.

Mkwe_wa_Uppsala:
Kuna mweusi b8. Chini yake hakuna kitu mpaka b2. Lakini yuko mbali.

Bi Shangwe:
Mbali wapi, na kete inateleza mstari mzima? Huyo b8 ndiye anayekunyima usingizi bila wewe kujua. Tazama. Unashuka d1. Yeye anateremsha b2 kwenda b1. Mfalme anasogea c1, na b1 inaliwa kati yake na kona, maana kona ni adui wa kila mtu. Umefurahi. Halafu b8, ambaye b2 alikuwa amemzibia, anashuka mpaka b1. Kete inayojiingiza yenyewe katikati hailiwi. Njia imefungwa, na mfalme wako amekaa c1.

Ukweli Mtupu:
Samahani, mimi nauona uzi huu wa kutunga. Anayejua kufunga kona anajua zinakwenda tatu kwa mshazari: c1, b2, a3. Zikishakaa hivyo hazing'oki, kwa sababu ukitaka kuila yoyote lazima uingie b1 au a2, na huko hakuna mlango. Baba mkwe huyo huyo kazifunga kulia mbili vizuri, halafu kushoto anasahau c1? Na Mswahili wa Uppsala na Waviking, jamani.

Mkwe_wa_Uppsala:
Hakusahau. c1 aliiweka kwanza, peke yake, nikaila kabla hajaleta b2. Ndiyo maana nina haraka, maana anatafuta kete ya kuirudisha. Na Uppsala si ajabu. Mwanasayansi Carl Linnaeus, aliyeuandika mchezo wa tablut, ndugu wa huu wetu, kwa Wasami wa kaskazini mwaka 1732, aliishi huku huku. Baba mkwe hunisimulia kila tukikaa: kule mfalme akipata njia moja mchezaji anatangaza "raichi", akipata mbili "tuichu", na hapo hakuna wa kumzuia.

Ukweli Mtupu:
Sawa, c1 nimeielewa. Nimerudisha maneno yangu.

Ustadhi_K:
Mimi naona jambo jingine. Mzee wa watu anacheza peke yake, wewe unacheza na baraza zima. Mwambie umeomba msaada, hata kama utashinda.

Mkwe_wa_Uppsala:
Ustadhi, yeye kila jioni humpigia simu kaka yake wakijadili ubao huu. Lakini nitamwambia.

Bi Shangwe:
Sasa hiyo "tuichu" ndiyo dawa yako. Una mlinzi gani anayeweza kuingia mstari wa b? Na mstari wa a, juu ya a3, uko wazi mpaka a11?

Mkwe_wa_Uppsala:
Uko wazi wote. Nina mlinzi f5, na kutoka hapo mpaka b5 hakuna kitu. Lakini nikimsogeza huyo nampa zamu bure!

Bi Shangwe:
Si bure. Mlinzi akikaa b5, b8 amekatika. Muulize sasa zamu hiyo ataitumia wapi. Akileta a3 kwenda b3 ili awe na kete ya kushuka b1, ameacha mstari wa a. Mfalme anakwenda d4 mpaka a4, anaona a1 chini na a11 juu. Hiyo ni tuichu, mkono wake mmoja hauzibi njia mbili. Akiteleza i1 mpaka c1, a1 imekufa kweli, lakini amevunja mshazari wa kona ya chini kulia, k1, kwa mikono yake.

FundiDama:
Kwa nini asiende a4 sasa hivi? Anatishia a11, mzee analeta b8 kwenda a8 kuziba, mstari wa b umebaki mtupu.

Bi Shangwe:
Wazo zuri, FundiDama, ila nani kakwambia ataziba kwa b8? Mweusi yeyote wa mistari ya juu akifika ukingo wa a anatosha. Akiziba kwa mwingine, mfalme kapoteza safari na b8 bado yupo.

FundiDama:
Nami bado naona a4 ina faida, maana kurudi d4 ni hatua moja tu.

Mkwe_wa_Uppsala:
Wakuu, nimecheza f5 kwenda b5, na nimemwambia kuhusu uzi huu. Akacheka, akasema kaka yake angenipa jibu hilo hilo. Alikaa muda mrefu, kidole juu ya a3. Akakiinua. Akachukua i1, akaisukuma ukingo mzima mpaka c1. Kona ya a1 imefungwa. Nataka kushuka d1 sasa hivi nimtishie k1.

Bi Shangwe:
Subiri! Ukishuka, ana j2 wa kuingia j1, na i11 wa kushuka i1. Mstari wa i una kete yoyote katikati?

Mkwe_wa_Uppsala:
Naenda kutazama.