Naomba ushauri: kuthamini haki ya kujitoa katika mradi wa kamba za mkonge, Tanga

Ndugu wanachama, natathmini karakana ya kusokota kamba za mkonge hapa Tanga, yenye mtaji wa shilingi milioni 100. Baada ya mwaka itakuwa na thamani ya milioni 150 soko likiwa zuri au milioni 50 likiwa baya, kwa uwezekano sawa. Kwa kiwango cha punguzo cha asilimia 15, thamani ya leo ni takriban milioni 87, yaani hasara ya milioni 13.

Hata hivyo, tukiwa na haki ya kujitoa, yaani kuuza mashine kwa milioni 80 soko likiharibika, tunaokoa milioni 30, na nusu yake kwa punguzo lilelile ni milioni 13, hivyo hasara inafutika. Kwa kuwa haki hiyo hulipa mradi unapoanguka, kama bima, nimetumia pia uwezekano uliorekebishwa kwa hatari pamoja na riba isiyo na hatari ya asilimia 10, nikapata karibu milioni 15.

Kinachonitia wasiwasi ni hiyo milioni 80: mkonge ukishuka bei, wanunuzi wa mashine, ambao ni wenye karakana kama hii, nao watakuwa wameishiwa. Kwa bei ya milioni 60, haki hiyo inabaki na thamani ya takriban milioni 5 tu. Je, bei ya kuuzia wakati wa soko baya niikadirie vipi?