Tupeane uzoefu: umewahi kusahau lokesheni laivu ikiwa wazi? Na pini za zamani ulizifutaje?

Binti Tabata
Habari zenu wadau. Natengeneza keki nyumbani na karibu kila siku namtumia bodaboda au mteja lokesheni ya WhatsApp. Juzi dada mmoja tunayefanya naye biashara aliniambia kuna mteja alitokea getini kwake saa tatu usiku, hakuagiza chochote, alitumia pini ya mwezi uliopita. Nikaanza kuhesabu watu wangapi wana pini ya kwangu, nikaacha, maana ni wengi mno. Aliyewahi kuzima au kufuta atuelekeze, na aseme kilichofanya kazi na kilichogoma.

Mzee wa Kamati
Kwetu ilikuwa kichekesho. Kikao cha harusi, mjumbe kapotea Mbezi, akatuma lokesheni laivu kwenye grupu ili tumwelekeze. Akachagua saa nane badala ya dakika kumi na tano. Akafika, akala, akaaga kwamba anawahi nyumbani kwa mgonjwa. Kamati nzima ikamsindikiza kwenye ramani hadi baa moja Sinza. Mweka hazina ndiye aliyemwandikia: "Ndugu mjumbe, utuletee na sisi mishikaki."

Dereva wa Noah
Hahaha, mjumbe huyo! Mimi sihangaiki na menyu. Nikimaliza safari nazima GPS ya simu, kazi imekwisha.

Fundi Simu
Dereva, hapo umepata nusu. Ukizima GPS, alama yako inaacha kusogea, lakini muda uliouchagua haujafutwa. Kama ulitoa saa nane na ukawasha GPS baada ya saa mbili, usishangae ikianza kutembea tena. Bando likikata ni vilevile: umekatika, hujazima.

Kuzima kwenyewe kuna njia mbili. Ukikumbuka ulimtumia nani, fungua chati yake na ubonyeze `Stop sharing` pale chini ya ramani. Usipokumbuka, nenda `Settings`, kisha `Privacy`, kisha `Live location`. Pale utakuta chati zote unazoshea kwa wakati huo, pamoja na magrupu, na unaweza kuzikata zote kwa mkupuo. Pakiwa patupu, basi hakuna lokesheni laivu ya WhatsApp inayotoka kwenye simu yako.

Ila wengi hawajui hili: hata ukishazima, kile kipicha cha ramani kinabaki kwenye chati. Aliyetumiwa akikibonyeza anaona sehemu ya mwisho uliyokuwa. Kwa hiyo ukizimia nyumbani, umemwachia nyumbani.

Binti Tabata
Ngoja kwanza, Fundi. Nimeenda huko kwenye `Live location` sasa hivi, nimekuta chati moja, bodaboda aliyeniletea unga mchana. Unga umeshakuwa keki! Nimezima. Nimerudi kwenye chati yake, kweli kipicha kipo, nikikibonyeza inaonyesha mtaa wangu. Sasa nakitoaje?

Fundi Simu
Umefanya vizuri kuanza na kuzima. Sasa kibonyeze kwa muda bila kuachia, bonyeza alama ya pipa la taka, halafu uchague `Delete for everyone`. Soma vizuri kabla ya kugusa. Ukichagua `Delete for me` kinaondoka kwako tu, kwake kinabaki, na wewe huna tena cha kushika ili ukifute. WhatsApp inakupa sekunde chache za kubonyeza `Undo`, zikipita ndio basi.

Binti Tabata
Cha leo kimefutika, kimebaki kimaandishi kwamba ujumbe umefutwa. Lakini pini niliyomtumia mteja wiki iliyopita, hilo chaguo la kufuta kwa wote halipo kabisa. Naona la kwangu tu. Simu yangu ina shida?

Fundi Simu
Simu ni nzima. Mlango wa kufuta kwa wote unafungwa baada ya siku mbili na saa kadhaa. Zamani ilikuwa kama saa moja tu, wakaongeza mwaka 2022. Ukiona chaguo halitokei, muda umepita, hata ubadilishe simu. Telegram ndiyo haina ukomo huo, kwenye chati ya watu wawili unafuta hata ya mwaka jana kwa pande zote.

Mama Wawili, Mombasa
Samahani kwa kuingilia. Mimi nimeangalia WhatsApp pako patupu kama ulivyosema, lakini kaka yangu aliyeko Maskati hunipigia, "Mbona uko Nyali saa hizi?" Nimefuta chati yake yote, bado anajua. Atakuwa amenidukua?

Fundi Simu
Dada, hiyo si WhatsApp. Fungua Google Maps, bonyeza picha yako ile ya duara juu, kisha `Location sharing`. Kufuta chati hakugusi huko kabisa.

Mama Wawili, Mombasa
Subhanallah. Jina lake lipo, na imeandikwa hadi nitakapozima mwenyewe. Ndiye aliyeniwekea simu hii alipokuja likizo. Nimebonyeza `Stop`. Akiuliza tutazungumza.

Muuza Mitumba
Turudi kwenye pini. Mimi nilifuta ndani ya saa moja, nikajua nimemaliza. Kumbe mteja alishaifowadi kwa mdogo wake aje kuchukua mzigo. Ile aliyofowadi ni ujumbe wake yeye, haikufutika na yangu. Nilijua siku mdogo mtu alipofika peke yake bila kuuliza njia. Hakuwa na ubaya, ila nilihama sehemu ya kukabidhia mizigo.

Siku hizi situmi tena `Send your current location`. Ukifungua sehemu ya kutuma lokesheni, chini kuna orodha ya maeneo ya jirani: sheli, duka la dawa, msikiti, kanisa. Nachagua sheli. Bodaboda akifika sheli anapiga, namwelekeza kwa mdomo au natoka. Hapo hata pini ikikaa miaka kumi ni ya sheli.

Mpita Njia
Na kwa zile zilizopitwa na muda, hakuna njia yoyote?

Fundi Simu
Kwa mkono wako, hakuna. Unamwomba mwenye chati aifute upande wake, na huna namna ya kuhakikisha. Kwa mbele, kwa wateja wapya washa meseji za kujifuta, `Disappearing messages`, kuna saa 24, siku 7 na siku 90. Haifuti za nyuma, inahusu zinazotumwa baada ya kuwasha. Kwenye grupu, admini naye anaweza kufuta ujumbe wa mtu kwa wote, kwa hiyo kama wewe umeshindwa mwahi mapema.

Dereva wa Noah
Fundi, nimejaribu sasa hivi na mke wangu. Nimezima GPS, nimewasha, alama haijasogea tena. Yangu imekufa kabisa.

Muuza Mitumba
Yangu iliwahi kuendelea. Wewe una aifoni au Androidi?

Dereva wa Noah
Tekno. Ngoja nizunguke na gari kidogo, labda ni kwa sababu nimekaa sebuleni.

Binti Tabata
Wakati Dereva anazunguka: nimewaandikia wateja watatu wa zamani wafute pini. Wawili wamejibu sawa. Wa tatu kauliza, "Kwani umehama?" Nimjibu nini?

Mzee wa Kamati
Mwambie oda zote sasa zinachukuliwa sheli.